Majirani Wawili na Mpaka wa Minyaa

Watu wengi wa pwani hudhani kwamba mpaka wa shamba umelala ndani ya hati kama fedha ilivyolala ndani ya kisanduku, na kwamba siku ya ugomvi kazi ni moja tu: kuifungua hati na kuutoa mpaka. Kumbe sivyo. Hati hutaja jina la mwenye shamba, nambari ya shamba, na ukubwa wake kwa kukadiria. Lakini mpaka wenyewe haumo humo. Nimeyajua haya kwa kuwa shamba langu, katika nchi iliyo kati ya Kilifi na Malindi, limepakana na mashamba ya majirani wawili waliokaa miaka miwili bila kusemezana kwa ajili ya kipande cha ardhi ambacho mtu mzima hukivuka kwa hatua tatu. Majina yao sitayataja. Nitamwita mmoja jirani wa kaskazini, na mwenzake jirani wa kusini.

Mashamba yao yamegawanywa na mstari utokao kwenye mbuyu ulio kando ya njia, upande wa mashariki, ukaishia kwenye jiwe kubwa la matumbawe upande wa magharibi, mwendo wa kama mita 90. Zamani mstari huo wote ulikuwa umepandwa minyaa. Msomaji wa pwani anaujua mti huu: ukikata tawi ukalichomeka katika mchanga wakati wa mvua, huota bila kutunzwa, mbuzi hawaupendi kwa sababu ya utomvu wake mweupe, na mwenye kuukata bila hadhari hupata taabu ya macho. Kwa hiyo wazee waliuchagua kuwa askari wa mpaka. Adui wake mkubwa ni moto. Na moto ndio ulioanzisha mambo haya, kwani mwaka mmoja, kabla ya masika, watu walipokuwa wakichoma magugu ili kulima, upepo uligeuka na ule ua wa minyaa ukateketea karibu wote. Haikujulikana moto ulikuwa wa nani.

Mvua zilipokwisha, jirani wa kaskazini alisimika nguzo na kutandaza seng'enge kutoka kwenye mbuyu hadi kwenye jiwe, kwa mstari ulionyooka kama kamba. Jirani wa kusini aliporudi kutoka safari aliutazama ua ule, akasema umeingia shambani mwake mita 2 kutoka mwanzo hadi mwisho, tena umemnyang'anya mkorosho mkubwa ulio karibu na mbuyu. Mwenziwe akajibu kwamba ua umefuata ramani ya serikali. Maneno yakazidi maneno, wakatajiana wazazi wao waliokwisha kufa, na tangu siku hiyo salamu ikakatika.

Sasa na tupime kitu chenyewe kilichogombewa. Mita 2 kwa mita 90 ni mita za mraba 180, wala hazifiki sehemu ya ishirini ya ekari moja. Lakini tazama gharama yake. Njia ya kwenda kisimani ilifungwa, watoto wa kusini wakawa wanazunguka kwa mbali na ndoo vichwani. Korosho zilipoiva zikaanguka chini pamoja na mabibo yake, hakuna aliyethubutu kuziokota mchana kwa kuogopa kuitwa mwizi. Zikakaa katika umande na manyunyu mpaka zikawa nyeusi, nyingine zikachipua. Mazishi yalipotokea katika nyumba moja, watu wa nyumba ya pili walituma mchango kwa mkono wa mtoto, wao wenyewe wasitokee. Katika nchi yetu jambo hilo ni zito kuliko kesi.

Kila mmoja kwa wakati wake alikwenda kutafuta nakala ya ramani. Wakarudi na karatasi ya namna moja, kila mtu akiisoma kwa faida yake. Nami niliziona zote mbili, nikastaajabu, kwa maana ramani ile imechorwa kwa kipimo cha 1:2500. Maana yake ni kwamba milimita 1 katika karatasi ni mita 2 na nusu katika shamba. Zile mita 2 zilizowatenga watu hawa hazipati hata milimita 1 katika ramani. Na kalamu iliyochora mstari, ikiwa ncha yake ina unene wa nusu milimita, yenyewe peke yake imefunika mita 1 na robo ya mchanga. Ongeza hapo kwamba karatasi hunyooka na kujikunja kwa joto na unyevu, na kwamba nakala ya nakala haiwi sawasawa na ya kwanza. Basi ugomvi wote ulikuwa umejificha karibu wote chini ya wino wa mstari mmoja, na hakuna macho ya binadamu yawezayo kuufukua humo kwa rula.

Kijana mmoja alileta simu yake, akasema itaonyesha mpaka kwa satelaiti. Lakini simu ya mkononi hukosea kwa mita kadhaa hata mahali peupe, na chini ya miti hukosea zaidi. Chombo chenye kosa la mita 4 au 5 hakiwezi kuamua shauri la mita 2.

Jirani wa kusini akaazimia kushtaki. Alipomwendea wakili ili kesi ifikishwe Malindi, katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, aliambiwa jambo ambalo hakulitazamia. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 18, yasema kwamba isipokuwa mipaka imeandikwa katika daftari kuwa imethibitishwa kwa vipimo, ramani huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Tena mahakama haitasikiliza ugomvi wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa njia iliyowekwa na sheria hiyo, yaani na Msajili wa Ardhi. Wala si jambo jipya, kwa kuwa sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya 1963 ilikuwa na kanuni kama hiyo. Waliotunga sheria walijua kwamba kupima kila shamba la mkulima kwa vyombo vya usahihi kungegharimu fedha nyingi na miaka mingi. Kwa hiyo wakaukubali mpaka ule unaoonekana kwa macho, kama ua, mfereji, njia au mstari wa mawe, na ramani ikawa ya kusaidia kuutafuta tu.

Basi Msajili naye hufanyaje? Huandikiwa maombi na mmojawapo, ada hulipwa, kisha huwapelekea wenye mashamba yanayopakana taarifa ya siku atakayofika. Siku hiyo huja pamoja na mpimaji na ramani yake, husimama juu ya ardhi, na kuwapa wote nafasi ya kusema. Hutazama alama zilizobaki, na husikiliza ushahidi wa watu wanaoujua mpaka tangu ulipowekwa. Hapa ndipo msomaji aone mzunguko wa jambo hili: hati yakupeleka kwenye ramani, ramani yakupeleka kwa Msajili, na Msajili akifika anawauliza wazee wa kijiji. Mwisho wa safari ni kinywa cha jirani.

Kwa watu wa pwani hili si geni. Mtaalamu mmoja wa Kiingereza, David Parkin, aliyekaa na Wagiriama na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1972, alieleza jinsi mauzo ya mashamba na minazi yalivyotegemea wazee walioitwa kuwa mashahidi. Mtu aliyekosana na wazee wake aliweza kuwa na haki na asiwe na wa kuisema. Tena katika nchi hii mnazi waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine, na asiyeyakumbuka maafikiano ya zamani hawezi kuyasoma juu ya mti.

Katika shauri letu shahidi alikuwa amebaki mmoja. Wale baba wawili walioweka mpaka walikuwa wamekwisha kufariki, na wazee waliowaonyesha wapimaji mashamba katika miaka ya 1970 wamekwisha kufariki pia. Alibaki shangazi yake jirani wa kusini, bibi wa miaka iliyopita themanini, anayekaa katika nyumba ya mpwa wake. Yeye ndiye aliyebeba vipande vya minyaa kichwani na kuvichomeka kwa mkono wake, nyuma ya kaka yake aliyekuwa akitoboa mashimo kwa mti. Lakini bibi huyo alikuwa pia mkunga wa kijiji, na mtoto mmojawapo aliyempokea duniani ni huyo huyo jirani wa kaskazini.

Mara kadhaa mpwa wake alimwomba aseme mpaka ulipopita. Kila mara alijibu kwamba macho yake yamepungua na kichwa chake kimechoka. Sisi tulidhani ni uzee. Mkewe jirani wa kusini ndiye aliyetueleza maana yake: bibi alisema hatatoa neno mbele ya mtu mmoja, kwa sababu neno litokalo mbele ya mtu mmoja huwa rungu la kumpigia wa pili. Watakapokuja wawili, atasema. Nao hawakuweza kuja wawili, maana hawasemezani. Huku miaka inakwenda, naye kila kipupwe anazidi kukonda.

Salamu yenyewe ilitokea hivi. Kuna mahali ambapo njia hupita kati ya seng'enge na kichaka cha mchongoma, pembamba hata watu wawili hawapishani ila mmoja ageuke upande. Asubuhi moja, kabla jua halijatoka, majirani hawa walikutana hapo uso kwa uso, mmoja akitoka na mwingine akiingia. Jirani wa kusini, ambaye ndiye aliyejiona amedhulumiwa, alisimama kando, akasema, "Umeamkaje?" Mwenziwe akajibu, "Nimeamka, sijui wewe." "Nami nimeamka." Wakapishana. Jambo hilo halikupita hapo.

Baadaye nilimwuliza jirani wa kusini kwa nini alisalimu siku ile. Hakunipa sababu kubwa. Alisema kulikuwa na giza bado, mtu yuko karibu mno, na kunyamaza karibu namna ile kulikuwa kazi ngumu kuliko kusema. Na jirani wa kaskazini naye aliniambia kwamba jibu lilimtoka kabla hajalifikiri. Ukilelewa pwani, salamu huijibu kama unavyofumba jicho kwa vumbi. Kuizuia ndiko kunakotaka nguvu. Kwa Waislamu miongoni mwetu ni jambo linalojulikana na kila mtoto wa chuoni kwamba kuitikia salamu ni wajibu, na kwamba watu wawili wanaosusiana hawafai kupitisha siku tatu, na mbora wao ni yule anayeanza kusalimu. Kwa wengine ni adabu tu ya wazee. Vyote viwili hufika mahali pamoja.

Kesho yake wakakutana tena, na salamu ikawa ndefu kidogo. Hapa ndipo ilipo nguvu ya salamu yetu, nayo ni nguvu ya utaratibu wala haina uchawi. Salamu ya pwani haiishii kwa anayesalimiwa. Baada ya kumwuliza mtu hali yake, sharti uulize watu wa nyumbani, kisha watoto, kisha wagonjwa na wazee, na asiyeuliza huhesabiwa kuwa na kinyongo. Kwa hiyo siku ya tano au ya sita jirani wa kaskazini alijikuta anasema, "Na shangazi je, hajambo?" Akajibiwa, "Yuko, ila macho yamepungua." Akasema, "Nisalimie." Salamu hiyo ilipofikishwa, bibi aliuliza, "Amenisalimu kwa kinywa chake, au umemsikia kwa watu?" Alipoambiwa ni kwa kinywa chake, na kwamba waliisema wakiwa wamesimama pamoja njiani, akasema, "Basi Ijumaa mnibebe wote wawili."

Wakambeba katika kiti cha kamba, mmoja mbele na mwingine nyuma. Mimi niliitwa niandike, kwa kuwa shamba langu limepakana na yote mawili upande wa magharibi, penye lile jiwe. Bibi hakuutazama ua. Alitaka apelekwe kwenye mbuyu, akaushika, kisha akaamuru tumchukue polepole kuelekea jiwe, huku akihesabu. Karibu na katikati akasema simameni, hapa palikuwa pa kuchomea chokaa. Kaka yake alikuwa mchoma chokaa, akipanga matumbawe juu ya magogo na kuyachoma. Na siku ya kuweka mpaka, mzee wa kaskazini alikubali minyaa izunguke mahali pale kwa upande wake ili mwenzake asipoteze tanuri. Kwa hiyo mstari ulitoka kwenye mbuyu umenyooka, ukapinda kwenda kaskazini mahali pa chokaa, kisha ukarudi na kunyooka hadi kwenye jiwe.

Neno la mzee, hata liwe la kweli namna gani, hutaka kuthibitishwa na ardhi. Vijana walileta majembe. Mpaka wa zamani huacha alama hata ua wake ukiungua: mkulima wa huku na wa kule huokota mawe shambani na kuyatupa mpakani, na kwa kuwa jembe halifiki pale, udongo hupanda ukawa tuta dogo. Walichimba mahali palipo wazi ndani ya pindo lile, wakakuta unga mweupe wa chokaa na vipande vya matumbawe vilivyoungua. Nje kidogo ya hapo, kwa upande wa kaskazini, wakakuta safu ya mawe ikienda kwa pindo, na kati ya mawe visiki vyeusi vya minyaa. Visiki viwili vilikuwa bado na uhai chini ya mchanga. Vilipokwaruzwa vilitoa utomvu. Tukatafuta visiki upande wa mbuyu pia, penye mkorosho. Vilikuwapo, na vilikuwa kusini mwa mti.

Basi ikaonekana kwamba kila mmoja alikuwa na kweli nusu. Jirani wa kaskazini aliufuata mstari wa ramani kwa uaminifu, lakini ramani haikuonyesha pindo dogo namna ile, na ua wake ulikuwa umekata kipande cha mwenziwe cha kama mita 30 kwa urefu. Jirani wa kusini aliujua ule upungufu mahali pa chokaa, akadhani ni wa mpaka wote. Kumbe mkorosho alioulilia miaka miwili ulikuwa wa jirani yake tangu hapo. Kama shauri lingeamuliwa kwa ushindi wa mmoja, kweli nusu ingalizikwa.

Siku hiyo hiyo tuliandika maafikiano. Tulitaja mbuyu, jiwe, na mahali pindo linapoanza na linapoishia, kwa hatua na kwa mita, tukachora picha yake. Wakatia sahihi wote wawili na wake zao, na mashahidi wawili kila upande, na mzee wa mtaa. Seng'enge ikahamishwa mahali pa pindo, na mwanzo wa mvua minyaa ikachomekwa upya mstari mzima.

Karatasi kama hiyo huwafunga waliotia sahihi, lakini shamba likiuzwa kesho, mnunuzi ataitazama ramani ya serikali. Kwa hiyo walikwenda wote wawili kwa Msajili, wakaomba mpaka wao utambuliwe kwa mujibu wa sheria. Na ombi linaloletwa na pande mbili zilizokwisha kuelewana ni rahisi kuliko lile la mmoja anayelalamika, kwa kuwa hakuna anayejificha siku ya ukaguzi. Tena ni lazima kutofautisha mambo mawili. Kuutambua mpaka uliokuwapo ni jambo moja. Kumpa jirani ardhi ambayo haikuwa yake ni jambo jingine, nalo kwa ardhi ya kilimo hutaka kibali cha halmashauri ya ardhi kwa sheria ya 1967. Waliochanganya hayo mawili wameona maafikiano yao mazuri yakivunjwa na watoto wao. Na mwenye kung'oa au kusogeza alama ya mpaka kwa siri hutenda kosa la jinai, hata akiamini kwamba haki ni yake.

Wala nisidhaniwe nasema kwamba salamu hutatua kila ugomvi wa ardhi wa pwani hii. Mtu aliyekuta shamba la babu zake limeandikwa kwa jina la mtu asiyemjua hatasaidiwa na kuamkiana asubuhi. Huyo anahitaji mahakama na sheria. Lakini ugomvi wa majirani wawili waliorithi mpaka mmoja mara nyingi si wa namna hiyo. Ushahidi wake umo katika mtu aliye hai na katika mawe yaliyo chini ya mchanga, na yote mawili hayafikiwi na mtu mmoja peke yake.

Bibi yule alifariki kabla ya masika yaliyofuata. Waliochimba kaburi lake walitoka katika nyumba zote mbili. Minyaa aliyowaonyesha mahali pake imekwisha kupita kimo cha mtu, na ile iliyochipua kutoka katika visiki viwili vya zamani ndiyo mirefu kuliko yote.